Mzigo umefika pungufu na mwingine umepasuka: njia tatu za kuupokea na namna ya kumdai msambazaji

Chukua mzigo huu. Oda ni ya katoni 60 za sabuni ya maji, kila katoni ina chupa 12, na bei ya chupa ni 50 kabla ya kodi. Ankara imekuja ya chupa 720, jumla 36,000. Katoni zimeshushwa na kuhesabiwa, zimepatikana 57. Mbili kati ya hizo zimebonyea pembeni na zimelowa chini. Zilipofunguliwa, chupa 14 zilikuwa zimepasuka na 10 zilikuwa nzima.

Kwa hiyo kuna mafungu matatu: chupa 670 zinazoweza kuuzwa, 14 zilizofika lakini hazifai, na 36 ambazo hazikufika kabisa. Anachotaka mtunza stoo kujua ni namba ipi aandike kwenye hati ya kupokea. Ziko tatu zinazotumika, 670, 720 na 684, na kila moja ina matokeo yake siku ya kumdai msambazaji.

| | Unaandika nini | Madai yanatokana na nini | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Njia ya kwanza | 670, nzima tu | Tofauti ya 50 kati ya ankara na hati ya kupokea | Chupa 14 zimo stoo lakini hazimo kitabuni |
| Njia ya pili | 720 kama ankara, kisha unarudisha 50 | Hati ya kurudisha mali | Umesaini kupokea kitu ambacho hakikufika |
| Njia ya tatu | 684, ambazo 14 zinakaa kwenye zuio | 36 za upungufu, 14 za uharibifu, kila moja peke yake | Zuio husahaulika |

Njia ya pili ndiyo inayovutia, na ndiyo ya hatari

Tuanze na hii kwa sababu ndiyo inayotumika sana pale ambapo mhasibu ana haraka. Ukiandika 720, oda, hati ya kupokea na ankara zinalingana bila mvutano, ankara inaingia leja siku hiyohiyo, kisha mtu anatoa hati ya kurudisha chupa 50 na debiti noti ya 2,500, yaani hati ya kumdai msambazaji kiasi hicho. Kila dai linakuwa na namba yake, na kwa macho ya ofisini kila kitu kimekaa sawa.

Shida ni chupa 36. Hazikufika, hivyo haziwezi kurudishwa. Hati ya kurudisha mali inatakiwa isainiwe na dereva au mjumbe wa msambazaji aliyeondoka nayo, na hapa hakuna aliyeondoka na chochote. Msambazaji akipokea debiti noti hiyo ataomba saini ya aliyepokea marejesho, utaikosa, na yeye atatoa hati yako mwenyewe ya kupokea inayosema 720. Umempa ushahidi wa kukataa dai lako.

Kuna na tatizo la stoo. Tangu 720 ilipoingia hadi hati ya kurudisha itakapoandikwa, mfumo unaamini kuna chupa 50 zisizokuwepo au zisizouzika. Iwe ni saa mbili, iwe ni wiki mbili, muda huo muuzaji anaweza kumwahidi mteja mali hiyo. Mwezi ukifungwa katikati, thamani ya stoo inakuwa juu kwa 2,500, na hesabu ya kuhakiki mali itaonyesha upotevu ambao atatuhumiwa nao mtunza stoo.

Ipo hali moja ambayo njia hii inakubalika: mzigo umepokelewa kwa nia njema ukiwa kamili kwa nje, na kasoro ikagundulika siku kadhaa baadaye. Hapo hati ya kupokea ilishatoka na huwezi kurudi nyuma kuifuta kimyakimya. Unaiacha ilivyo. Vilivyoharibika unavirudisha kwa hati ya kurudisha. Upungufu uliokutwa ndani ya katoni unaandikiwa marekebisho yenye tarehe ya ugunduzi, na ripoti ya ukaguzi inaambatishwa. Usirudishe tarehe nyuma, kwa sababu tarehe ikikutwa imechezewa hata sehemu ya kweli ya dai haitaaminiwa.

Njia ya kwanza: safi, lakini inategemea chupa zilizopasuka zimeenda wapi

Kuandika 670 ni sahihi kabisa kama chupa 14 zimekataliwa mlangoni na zimeondoka na gari lilelile. Hazikuwahi kuwa zako. Kinachotakiwa ni hati ya mzigo, ile karatasi anayokuja nayo dereva, iandikwe katika nakala zote mbili: katoni 57 zimepokelewa, katoni 3 hazipo, chupa 14 zimekataliwa na kurudi na dereva. Dereva asaini chini ya maneno hayo, si juu yake. Saini iliyopo juu ya maandishi huleta ubishi kwamba maandishi yaliongezwa baada ya gari kuondoka.

Ila mara nyingi dereva hataki kurudi na mali iliyovunjika. Ana vituo vingine, au gari ni la kampuni ya usafirishaji isiyo na maelekezo ya kupokea marejesho. Chupa 14 zinabaki kwako. Ukiandika 670 hapo, una mali isiyokuwa kwenye kitabu chochote, ikiwa imewekwa kwenye kona. Mtu ataimwaga kwa sababu inanuka, mwingine ataiuza kwa bei ya kutupa, na siku msambazaji akituma mtu aje kukagua kabla ya kukubali dai, hakuna cha kumwonyesha.

La pili, ambalo wengi hawalioni, ni kwamba 670 inachanganya mambo mawili kuwa moja. Kwa kitabu, upungufu ni 50. Lakini kwa msambazaji, 36 na 14 zinaenda kwa watu tofauti. Dai la upungufu linapelekwa kwa wapakiaji wa ghala lake: wanaangalia orodha ya kupakia na kuhesabu kama kuna katoni 3 zilizobaki. Dai la uharibifu linapelekwa kwa msafirishaji au kwa anayeshughulikia vifungashio. Ukituma dai moja la "upungufu wa chupa 50", ghala litajibu kwamba 50 haigawanyiki kwa 12, kwa hiyo si katoni zilizosahaulika, na dai zima litarudishwa. Hata zile 36 ambazo zingekubaliwa haraka zitachelewa pamoja na 14.

Njia ya tatu: kitabu kifuate mali ilipo

Chupa 684 ziko ndani ya lango lako, basi andika 684. Chupa 670 ziingie kwenye mali ya kuuza. Chupa 14 ziingie kwenye zuio, yaani sehemu ambayo mfumo unaijua lakini hairuhusu kuuzwa. Chupa 36 hazionekani popote isipokuwa kwenye oda, ambako zinabaki kama mali isiyofika.

Kwenye programu ya SAP, mwendo wa mali namba 103 unapokea mali kwenye zuio la mapokezi bila kuiingiza kwenye thamani ya stoo, 105 unaifungulia ikionekana ni nzima, na 124 unairudisha kwa msambazaji kutoka hapohapo. Mfumo mdogo usio na zuio hutatuliwa kwa kufungua stoo ya pili ndani ya programu na kuiita ZUIO, ukiizuia isionekane kwenye mauzo. Kwa daftari la mkono, ukurasa mmoja wa zuio unatosha, wenye namba ya hati ya kupokea, idadi, sababu na tarehe ya kutoka.

Kama zuio lako linabeba thamani, hesabu zinakaa hivi. Mali iliyopokelewa ni 684 mara 50, sawa na 34,200. Ankara ni 36,000, na tofauti ya 1,800 inakwenda kwenye akaunti ya madai kwa msambazaji, si kwenye gharama. Chupa 14 zikirudishwa, au msambazaji akiruhusu kwa maandishi ziteketezwe, 700 inatoka kwenye stoo na kuingia kwenye madai hayohayo. Jumla ya madai ni 2,500, na deni halisi ni 33,500, ambalo ni sawasawa na chupa 670. Namba hizi zisipokutana hivi, kuna fungu limehesabiwa mara mbili.

Udhaifu wa njia hii ni uvivu wa watu. Zuio lisipokuwa na mtu anayelipitia kila wiki linageuka kuwa jalala. Weka sharti kwamba hakuna kinachokaa humo bila namba ya dai, na kila mstari uwe na jibu moja kati ya matatu: kinarudi, kinateketezwa, au kimekubaliwa kwa punguzo la bei.

Kwa kifupi cha uamuzi: kilichobaki kwako kiandikwe, kilichoondoka na gari kisiandikwe, na kisichofika kisiandikwe kwa vyovyote. Namba ya ankara si kipimo cha mapokezi. Ndiyo maana stoo nyingi makini humpa mpokeaji oda au hati isiyo na idadi, ili ahesabu kwanza badala ya kutia tiki kwenye namba aliyoikuta imeandikwa.

Maneno ya kwenye hati ya mzigo

Hapa kuna uchaguzi mwingine mdogo wenye uzito. Wapo wanaogonga muhuri wa "Imepokelewa bila kukaguliwa" kwenye kila mzigo. Wapo wanaoandika kasoro yenyewe. Muhuri ni rahisi, lakini haulindi sana, kwa kuwa unasema kitu kilekile kwa mzigo mzima na kwa mzigo mbovu. Mkataba wa CMR wa 1956 unaohusu usafirishaji wa kimataifa wa barabara katika nchi zilizouridhia unataka taarifa ya mpokeaji itoe walau dokezo la jumla la kilichopotea au kilichoharibika. Kwa kasoro inayoonekana kwa macho, taarifa itolewe wakati wa kukabidhiwa. Kwa isiyoonekana, ndani ya siku 7 bila kuhesabu Jumapili na sikukuu, tena kwa maandishi. Kwa shehena ya ndege chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, uharibifu hutolewa taarifa ndani ya siku 14 tangu kupokea. Kwa meli chini ya Kanuni za Hague, kasoro isiyoonekana ina siku 3 tu.

Mauzo ya kimataifa yanayotawaliwa na Mkataba wa Vienna wa 1980 hayaweki siku, yanasema mnunuzi atoe taarifa ndani ya muda unaofaa tangu alipogundua au alipopaswa kugundua, na ukomo wake ni miaka 2. Lakini soma kwanza masharti ya msambazaji nyuma ya ankara, kwani mengi hukata muda huo kuwa siku chache sana.

Maandishi ya kutosha kwa mzigo wetu ni haya: "Katoni 57 kati ya 60. Katoni 3 hazipo. Katoni 2 zimebonyea na kulowa, zimefunguliwa mbele ya dereva: chupa 14 zimepasuka, 10 nzima. Lakiri ilikuwa nzima." Ongeza tarehe, saa, namba ya gari na namba ya lakiri. Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Lakiri, yaani muhuri unaofunga mlango wa gari, ikiwa nzima na namba yake inalingana na ya kwenye hati, upungufu una uwezekano mkubwa wa kuwa umetokea wakati wa kupakia. Ikiwa imekatwa au namba ni nyingine, macho yanahamia njiani.

Picha zipigwe kwa mpangilio huo pia: lakiri kabla ya kukatwa, mzigo ndani ya gari kabla ya kushushwa, pande za katoni zilizobonyea zikiwa na lebo na namba ya bechi, kisha ndani ya katoni. Picha ya chupa zilizopasuka sakafuni haithibitishi zilitoka katoni gani.

Upungufu wa ndani ya katoni iliyofungwa unahitaji mzani. Tuseme chupa moja ina uzito wa kilo 1.1. Katoni kamili itasoma kilo 13.2, na juu yake uzito wa boksi lenyewe. Pima katoni moja uliyoifungua na kuhesabu, kisha linganisha nyingine nayo. Inayopungua kilo 1.1 ina chupa moja pungufu, na hapo angalia utepe: kama ni wa kiwandani na haujaguswa, kosa liko kwenye ufungaji. Kama umebandikwa juu ya mwingine, upige picha utepe huo dereva akiwepo. Mzani haufai kwa bidhaa nyepesi ambazo tofauti ya uzito wa maboksi matupu ni kubwa kuliko uzito wa kipande kimoja.

Krediti noti au mali ya kufidia?

Msambazaji akikubali kosa, atakuuliza unataka nini. Krediti noti inapunguza deni, mali ya kufidia inajaza pengo. Uchaguzi hutegemea kama bado unaihitaji mali hiyo kabla ya oda inayofuata. Kwa chupa 50 kati ya 720, gari la pekee kuzileta humgharimu msambazaji zaidi ya thamani yake, ndiyo maana ahadi ya "tutaleta na mzigo ujao" hutolewa kirahisi na kusahaulika kirahisi. Kwa kiasi kidogo, omba krediti noti na uongeze idadi kwenye oda mpya. Mali ya kufidia ina maana pale ambapo kukosekana kwake kunasimamisha kazi, au bei imepanda tangu oda ya kwanza.

Kila njia ina kazi yake kwenye oda, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Ukichagua krediti noti, funga mstari wa oda. Usipoufunga, mfumo unaendelea kuamini kuna chupa zinakuja na hautapendekeza kuagiza, hadi rafu iwe tupu. Kwenye SAP alama hiyo inaitwa "Delivery Completed". Ukichagua mali ya kufidia, uache mstari wazi na upokee kwa oda ileile. Msambazaji akileta kwa ankara mpya ya kawaida, utakuwa umedaiwa mara mbili kwa chupa zilezile. Ankara hiyo iambatane na krediti noti ya ile ya mwanzo, au mali ije kwa bei ya sifuri. Na chupa 14 zilizoharibika zikirudishwa, hakikisha mfumo umezifungua tena kwenye oda, maana zilishahesabiwa kuwa zimefika.

Kujikatia mwenyewe kwenye malipo ni njia ya mwisho. Ukilipa 33,500 bila krediti noti, kwenye leja ya msambazaji 2,500 inabaki kama deni lililopitiliza, na mfumo wake unaweza kusimamisha oda zako bila mtu yeyote kukusudia. Ankara yenye kodi nayo inabaki kuonyesha kiasi kamili. Lakini kuzuia ankara nzima ya 36,000 kwa ajili ya 2,500 kunampa hoja ya kusema hulipi. Mpango unaofanya kazi ni kulipa sehemu isiyobishaniwa siku yake ikifika, ukituma taarifa ya malipo inayotaja ankara, kiasi kilichozuiwa na namba ya dai.

Dai lenyewe na ufuatiliaji

Tuma siku ileile, kwa mhasibu wa madeni wa msambazaji na kwa afisa mauzo wake kwa pamoja. Afisa mauzo peke yake ataahidi, lakini krediti noti haitoki mkononi mwake. Barua fupi hutosha:

"Dai namba D-014, oda namba 2207, ankara namba 5518. Upungufu: katoni 3, chupa 36, thamani 1,800. Uharibifu: chupa 14, bechi imeonyeshwa kwenye picha, thamani 700. Jumla 2,500 kabla ya kodi. Chupa 14 zipo kwetu na tutazitunza kwa siku 10. Tuelezeni kama mtazichukua au tuziteketeze. Tunaomba krediti noti, si mali ya kufidia. Viambatisho: hati ya mzigo yenye saini ya dereva, hati ya kupokea, picha 6."

Muda wa kutunza mali ukitajwa, ukimya wa msambazaji hauwezi kujaza stoo yako bila mwisho. Hata hivyo usiteketeze kabla ya ruhusa ya maandishi ikiwa kuna bima au msafirishaji anayedaiwa, maana wao pia wana haki ya kukagua.

Baada ya siku 2 uliza swali moja tu: dai limeandikishwa kwa namba gani upande wenu? Jibu la "tunalifanyia kazi" bila namba maana yake halijaandikishwa. Baada ya wiki, gawanya: omba krediti noti ya 1,800 itoke kwanza kama ghala lake limeshahakiki, hata kama 700 bado inabishaniwa na msafirishaji. Mwisho wa mwezi chukua taarifa ya hesabu ya msambazaji na uitafute krediti noti humo. Iliyotumwa kwa barua pepe lakini haimo kwenye taarifa hiyo bado haijaingia kwenye leja yake, na deni litaibuka tena.

Kabla ya yote hayo, angalia hatari ya mzigo, yaani nani anabeba hasara ukiharibika, ilihama wapi. Kwa mauzo ya FCA au CIF, ambayo ni masharti ya biashara ya kimataifa yanayopanga hatari inahama wapi, hatari huwa imeshahamia kwako kabla mzigo haujafika langoni. Chupa zilizopasuka njiani hapo si deni la msambazaji. Dai la 700 linaelekezwa kwa msafirishaji au bima, na kwa muda mfupi uliotajwa juu. Zile 36, kama lakiri inathibitisha hazikupakiwa, zinabaki kwake.